Mkunjo wa ROC kwenye tasnifu: 0.87 inasema nini, na kikomo kinachaguliwaje

Kuna sentensi inayojirudia kwenye rasimu za sura ya nne za wanafunzi wa afya: "AUC ilikuwa 0.87, kwa hiyo kipimo kina usahihi wa asilimia 87, na kikomo bora ni 8.5." AUC ni namba inayotokana na mkunjo wa ROC, nayo huonyesha jinsi kipimo kinavyowatenganisha wagonjwa na wazima. Sentensi hiyo fupi ina makosa matatu. Asilimia 87 siyo usahihi wa kipimo. Hakuna mtu anayeweza kupata 8.5 kwenye dodoso linalojumlisha alama nzima. Na neno "bora" limeandikwa bila kusema bora kwa kazi gani na kwa gharama ipi. Kosa hilo la tatu ndilo zito kuliko yote, na ndilo wengi hukwama nalo siku ya kutetea tasnifu.

Tuchukue dodoso linalotumika sana kwenye tafiti zetu, PHQ-9, la kuchuja watu wenye dalili za sonona. Lina maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita, kila swali lina alama 0 hadi 3, hivyo jumla ni 0 hadi 27. Kadiri alama zinavyopanda, ndivyo shaka ya sonona inavyoongezeka. Mwanafunzi amewapa dodoso hilo watu 300 waliofika kliniki, kisha kila mmoja, awe na alama nyingi au chache, amehojiwa na mtaalamu wa afya ya akili asiyejua alama zake. Mahojiano hayo ndiyo kipimo cha rejea: yanachukuliwa kuwa ndiyo yanayosema ukweli kuhusu nani ana sonona na nani hana. Yamebaini watu 60 wana sonona na 240 hawana. Takwimu hizi ni za kubuni, zimepangwa hivyo ili hesabu zifuatike kwa kalamu na karatasi.

Kikomo ni alama ambayo kuanzia hapo tunasema "huyu aende hatua inayofuata". Kila kikomo huzaa namba mbili. Ya kwanza ni unyeti: kati ya wale 60 wenye sonona, dodoso limenasa wangapi? Ya pili ni umahususi: kati ya wale 240 wasio na sonona, dodoso limewaacha wangapi waende zao? Mfikirie mbwa wa ulinzi. Anayembwekea kila mpita njia hatakosa mwizi hata mmoja, ila wenye nyumba hawatalala. Asiyebweka mpaka aone mtu anaruka ukuta atawaacha walale, na siku moja wataibiwa kimya kimya. Kushusha kikomo ni kumfanya mbwa abweke kwa urahisi zaidi, kukipandisha ni kumtuliza. Tatizo ni kwamba mbwa ni yule yule. Ukitaka abweke zaidi kwa wezi, atabweka zaidi kwa wageni pia.

Haya ndiyo yaliyotokea kwenye mfano wetu:

| Kikomo (alama hii au zaidi) | Walionaswa kati ya 60 | Unyeti | Walioshukiwa bure kati ya 240 | Umahususi |
|---|---|---|---|---|
| 5 | 57 | 95.0% | 132 | 45.0% |
| 7 | 54 | 90.0% | 84 | 65.0% |
| 8 | 51 | 85.0% | 60 | 75.0% |
| 9 | 48 | 80.0% | 42 | 82.5% |
| 10 | 43 | 71.7% | 30 | 87.5% |
| 12 | 33 | 55.0% | 12 | 95.0% |

Mkunjo wa ROC ni jedwali hili likichorwa, basi. Kila mstari wa jedwali ni nukta moja. Mhimili wa kusimama ni unyeti. Mhimili wa kulala ni sehemu ya walioshukiwa bure, yaani 1 ukitoa umahususi. Kwa kikomo cha 9, nukta iko 0.175 kwa kulala na 0.80 kwa kusimama. Unganisha nukta zote kuanzia kona ya chini kushoto, ambako hakuna anayeshukiwa, hadi kona ya juu kulia, ambako wote wanashukiwa, na mkunjo umekamilika. Jina lake gumu, receiver operating characteristic, limetokana na kazi ya rada: swali lilikuwa kama anayetazama kioo cha rada anatofautisha mwangwi wa ndege na makelele ya mtambo. Mstari wa mshazari unaokatiza mchoro unaonyesha kipimo kisichojua lolote, sawa na kurusha shilingi. Mkunjo unavyojikunja kuelekea kona ya juu kushoto, ndivyo kipimo kinavyowatenganisha wagonjwa na wazima.

0.87 inasema nini hasa

AUC ni eneo lililo chini ya mkunjo, na kwenye mfano wetu ni takriban 0.87. Maana yake ni hii. Mchukue mtu mmoja kwa bahati nasibu kutoka wale 60, na mwingine kutoka wale 240. Uwezekano kwamba yule mwenye sonona ana alama nyingi kuliko mwenzake ni 0.87, wakilingana tukihesabu nusu. Jozi za namna hiyo ziko 60 mara 240, yaani 14,400, na kwenye jozi kama 12,500 dodoso limewapanga sawasawa.

Kwa hiyo AUC inazungumzia kupanga watu kwa mfuatano. Haizungumzii kuamua, kwa sababu hakuna kikomo ndani yake. Usahihi ni kitu kingine, nao hubadilika kila unapogusa kikomo. Kwa kikomo cha 9, dodoso limepatia kwa watu 48 wenye sonona na 198 wasio nayo, jumla 246 kati ya 300, sawa na asilimia 82. Hata hiyo asilimia 82 isikupumbaze. Mtu akilitupa dodoso jalalani na kutangaza kwamba watu wote 300 hawana sonona, atakuwa amepatia kwa asilimia 80, na hajamwona mgonjwa hata mmoja. Ndiyo sababu ya kutoupa usahihi wa jumla uzito kwenye tasnifu za uchunguzi wa awali.

Jambo jingine linalopachikwa kwa fahari ni "p < 0.001" pembeni ya AUC. Hiyo inasema tu kwamba kipimo kinashinda shilingi iliyorushwa. Kwa sampuli ya watu 300, hata kipimo cha hovyo kinaweza kulishinda shindano hilo. Kinachofaa kuandikwa ni mipaka ya uhakika ya asilimia 95, ambayo hapa ni kama 0.81 hadi 0.93.

Ile 8.5 imetoka wapi

Ukitumia SPSS, ROC Curve iko ndani ya menyu ya Analyze, na kwenye matoleo mapya imo chini ya Classify. Ukiomba nukta za mkunjo, matokeo huja na jedwali liitwalo Coordinates of the Curve. Safu yake ya kwanza imeandikwa "Positive if Greater Than or Equal To", na namba zake ni za nusu nusu: 7.5, 8.5, 9.5. Programu huchukua alama mbili zinazofuatana zilizoonekana kwenye data na kuweka kikomo katikati yake. Kwa hiyo 8.5 inamaanisha wenye alama 9 au zaidi, na kwenye tasnifu andika hivyo: "alama 9 au zaidi". Atakayesoma 8.5 akaishusha hadi 8 atakuwa ameripoti unyeti wa kikomo kimoja na kupendekeza kikomo kingine. Kosa hili halionekani mpaka mtu ahesabu upya.

Safu ya tatu ya jedwali hilo ni mtego mwingine. Imeandikwa "1 - Specificity", na wapo wanaoinakili moja kwa moja kama umahususi. Ukiona tasnifu inasema kikomo kilichochaguliwa kina unyeti wa asilimia 80 na umahususi wa asilimia 17.5, ujue kilichotokea.

Zingatia pia upande wa kipimo. Kwa PHQ-9 alama nyingi ndizo mbaya, lakini kwa mzingo wa mkono wa mtoto namba ndogo ndiyo inayoashiria utapiamlo. SPSS huanza na "Larger test result indicates more positive test", na usipoibadilisha kwa mzingo wa mkono utapata AUC kama 0.15. AUC iliyo chini ya nusu kwa mbali huwa ni dalili kwamba upande umegeuzwa au misimbo ya 0 na 1 imebadilishana. Kwenye R, pakiti ya pROC hujichagulia upande yenyewe isipoambiwa, na hapo kosa la misimbo linaweza kujificha nyuma ya AUC nzuri. Afadhali kuitajia kila kitu:

```r
library(pROC)
r <- roc(d$sonona, d$phq9, levels = c(0, 1), direction = "<")
ci.auc(r)
coords(r, c(7.5, 8.5, 9.5),
       ret = c("threshold", "sensitivity", "specificity"))
```

Alama ya "<" inasema wasio na ugonjwa wana alama ndogo kuliko wenye nao.

Bei ambayo Youden haitaji

Sasa tuje kwenye kikomo chenyewe. Tasnifu nyingi hutumia kipimo cha Youden, ambacho mwanatakwimu huyo alikipendekeza mwaka 1950: jumlisha unyeti na umahususi, toa 1, kisha chagua kikomo chenye jibu kubwa kuliko vyote. Kwa kikomo cha 8 tunapata 0.60, kwa 9 tunapata 0.625, kwa 10 tunapata 0.592. Youden amechagua 9, mwanafunzi ameandika "kikomo bora ni 9", mambo yamekwisha.

Hayajaisha. Tazama watu badala ya asilimia. Kushuka kutoka 10 hadi 9 kunawanasa wagonjwa 5 zaidi na kuwashuku bure watu 12 zaidi. Kila mgonjwa wa nyongeza amegharimu watu 2.4 walioshukiwa bure. Kushuka kutoka 9 hadi 8 kunawanasa wagonjwa 3 zaidi na kuwashuku bure watu 18, yaani 6 kwa kila mgonjwa. Kutoka 8 hadi 7 bei inapanda tena, 24 kwa wagonjwa 3, yaani 8 kwa mmoja. Mkunjo wa ROC unavyolala kuelekea kulia, ndivyo bei hii inavyopanda. Mteremko wa mkunjo ndio unaoonyesha bei hiyo: ukipungua, bei inapanda.

Youden kasimama kati ya 2.4 na 6. Kwa nini hapo? Kwa sababu yeye huhesabu asilimia moja ya unyeti kuwa sawa na asilimia moja ya umahususi. Kwenye data yetu wasio na sonona ni mara nne ya wenye nayo, 240 kwa 60. Kwa hiyo asilimia moja ya umahususi ni watu 2.4, na asilimia moja ya unyeti ni mtu 0.6. Kusema hizo mbili zina uzito sawa ni kusema kumkosa mgonjwa mmoja ni sawa na kuwashuku bure watu wanne. Bei ikiwa chini ya nne, Youden ananunua. Ikizidi nne, anaacha. Hakuna aliyekaa kikao akaamua kwamba bei iwe nne. Imetokana tu na uwiano wa wagonjwa na wazima waliofika kliniki miezi ile ya kukusanya data.

Ikiwa anayeshukiwa anaishia kukaa dakika ishirini na muuguzi na kuondoka, huenda kuwashuku bure watu 6 au hata 10 ni bei nafuu kwa kumpata mgonjwa ambaye angeondoka bila kuonekana. Hapo kikomo kinashuka hadi 8 au 7. Ikiwa anayeshukiwa anatumwa hospitali ya rufaa kwa nauli yake mwenyewe, na huko foleni ni ya wiki kadhaa, watu 6 waliosumbuliwa bure ni wengi, na foleni yao itawachelewesha wagonjwa wa kweli. Hapo 9 au 10 ina hoja. Mkunjo ni ule ule. Kilichobadilika ni kinachofuata baada ya kipimo, na SPSS haikijui. Mwanafunzi anakijua, au anapaswa kukijua.

Njia nyepesi ya kuliweka hili kwenye tasnifu ni kuandika sharti kwenye sura ya tatu, kabla ya kuuona mkunjo. Kwa mfano: "Kwa kuwa dodoso litafuatwa na mahojiano mafupi kituoni hapo hapo, kitachaguliwa kikomo chenye umahususi mkubwa kuliko vyote miongoni mwa vile vyenye unyeti usiopungua asilimia 85." Kwa sharti hilo, jedwali letu linatoa 8, siyo 9. Msimamizi anaweza kubishia ile 85, na ni haki yake, lakini sasa ubishi uko mahali pake. Hata 10 iliyozoeleka kwa PHQ-9 haitakiwi kunakiliwa tu. Kwenye utafiti wa awali wa dodoso hilo wa mwaka 2001, kikomo hicho kilikuwa na unyeti na umahususi wa asilimia 88 kila kimoja, kwa wagonjwa wa kliniki za Marekani. Kwenye mfano wetu kikomo hicho hicho kingewapoteza wagonjwa 17 kati ya 60. Kiweke kwenye jedwali lako pembeni ya kile ulichochagua, msomaji alinganishe.

Dodoso likihama kliniki

Wengi huamini kwamba unyeti na umahususi vikishajulikana, kikomo kinaweza kubebwa popote. Chukua watu 1,000 wa kijijini ambako wenye sonona ni 5 kwa kila 100, siyo 20 kama kliniki. Wenye sonona ni 50, wasio nayo ni 950. Kwa kikomo cha 9, tukidhani unyeti na umahususi havijabadilika, tutawanasa 40 na kuwashuku bure 166. Kati ya watu 206 walioambiwa wasubiri mahojiano, wenye sonona ni chini ya mmoja kati ya watano. Kliniki walikuwa zaidi ya nusu, 48 kati ya 90. Na ile hatua ya kushuka hadi 8, iliyogharimu watu 6 kwa kila mgonjwa, kijijini ingewaongeza wagonjwa 2 au 3 kwa watu 71 walioshukiwa bure, yaani zaidi ya 28 kwa mmoja.

Ndiyo maana haifai kuripoti uwezekano wa kuwa mgonjwa baada ya kushukiwa ikiwa sampuli ilipangwa makusudi, tuseme wagonjwa 100 waliokwisha tambuliwa na wazima 100. Ule uwiano wa nusu kwa nusu uliwekwa na mtafiti. Sampuli ya namna hiyo ina kasoro ya pili pia: wagonjwa wa wodini ni wale waliozidiwa, na wanaolinganishwa nao mara nyingi ni wanafunzi au watumishi wenye afya njema. Kuwatenganisha hao hakuhitaji dodoso. AUC itapanda hadi 0.95 au zaidi, kisha kituo cha afya kitashangaa kwa nini dodoso halifanyi kazi kwa mtu mwenye dalili za katikati.

Kasoro nyingine huanzia kwenye bajeti. Mahojiano ni ghali, hivyo mtafiti anawahoji wote wenye alama 10 au zaidi na wachache tu wa chini. Wagonjwa wenye alama ndogo hawaonekani kamwe, na unyeti unaonekana mkubwa kuliko ulivyo. Ikiwa fedha haitoshi kuwahoji wote, wahoji sehemu ya wenye alama ndogo waliochaguliwa kwa bahati nasibu, halafu wape uzito wao kwenye hesabu.

Wagonjwa 60 wanatosha kusema nini

Watu 300 wanasikika wengi, lakini unyeti unasimama juu ya wale 60 tu. Unyeti wa asilimia 80 kwa watu 60 una mipaka ya uhakika ya takriban asilimia 68 hadi 88. Ndani ya mipaka hiyo umo pia unyeti wa vikomo vya 8 na 10. Kudai kwamba 9 imeishinda 8 kwa sababu 0.625 ni kubwa kuliko 0.60 ni kuipa namba ya pili baada ya nukta kazi isiyoiweza. Ukichukua sampuli ya watu 300 kutoka kwenye data yako, kila aliyechaguliwa akirudishwa kabla ya kumchagua mwingine, na ukarudia hivyo mara 1,000, utaona kikomo cha Youden kikirukaruka, na uandike kiliangukia alama zipi na mara ngapi. Kumbuka pia kwamba kikomo kilichochaguliwa na kupimwa kwenye data ile ile huonekana kizuri kidogo kuliko kitakavyokuwa kwa watu wapya.

Aya ya matokeo, basi, inaweza kusomeka hivi: "Kati ya washiriki 300, 60 walikuwa na sonona kwa mahojiano ya kitabibu. AUC ilikuwa 0.87 (mipaka ya asilimia 95: 0.81 hadi 0.93). Kwa sharti lililowekwa kabla ya uchambuzi, kilichaguliwa kikomo cha alama 8 au zaidi, chenye unyeti wa asilimia 85.0 (73.9 hadi 91.9) na umahususi wa asilimia 75.0 (69.2 hadi 80.1). Kikomo hiki kiliwakosa washiriki 9 kati ya 60, na kiliwashuku bure 60 kati ya 240. Kwa kipimo cha Youden kikomo kingekuwa 9."

Wale 9 waliokosekana wanastahili sentensi moja zaidi kwenye sura ya tano. Swali la tisa la PHQ-9 linauliza kuhusu mawazo ya kutamani kufa au kujidhuru. Mtu anaweza kuweka alama hapo na jumla yake ikabaki 3 au 4, chini ya kikomo chochote kilichojadiliwa. Huyo anazungumziwa na mtaalamu siku hiyo hiyo, na utaratibu huo uwe umeandikwa kwenye pendekezo la utafiti kabla dodoso la kwanza halijajazwa.